Kukamilisha mraba: kila mstari wa kaye unasema kitu juu ya mgeuko wa parabola



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa mwisho wa humanite alinikuta nyumbani na kaye yake ya hesabu. Anajitayarisha kwa egzeta, na anajulikana darasani kuwa mtu wa hesabu. Nikamwandikia kazi moja fupi:

y = 2x² − 12x + 23
Tafuta nukta ambapo parabola hii inageuka.

Hakufikiri hata dakika moja. Akaandika delta: 144 − 184 = −40. Akaweka kalamu chini.

« Yaya, delta iko negatif. Hakuna solusio. Tumemaliza. »

Nikamuuliza: « Mdogo wangu, nani amekuomba solusio? »

Akanyamaza. Kisha akakumbuka kwamba kuna formula ya −b juu ya 2a. Akasema jibu ni −3. Halafu akasema ni 3. Halafu akaniangalia usoni ili aone ni lipi kati ya hayo mawili litanifurahisha. Pale njo nilielewa shida yake iko wapi. Anajua formula, lakini haoni kurbe. Kwake delta ni mlango: ukifungwa, hesabu imekwisha. Na kumbe parabola iko pale pale, haigusi tu ule mstari wa x. Inashuka, inafika mahali, inageuka, inapanda. Ule mgeuko haumjali delta.

Tukachukua karatasi mpya, tukaigawa sehemu mbili kwa mstari wa wima. Kushoto tukaandika « Ninaandika nini ». Kuume tukaandika « Inaniambia nini juu ya mgeuko ». Tukaweka sheria moja: hauruhusiwi kushuka ku mstari unaofuata kama upande wa kuume uko bado mtupu. Leo ninataka kupitia karatasi ile pamoja nanyi, mstari kwa mstari. Wengi wetu tulipata diploma, na wengine hata lisansi, bila kujua kwa nini tunachukua « nusu ya b » na kuipandisha ku kare.

Tuangalie kurbe kwanza

Mbele ya kugusa algebra yoyote, tulimpa x namba chache na kuhesabu y kwa mkono.

x = 0, y = 23
x = 1, y = 13
x = 2, y = 7
x = 3, y = 5
x = 4, y = 7
x = 5, y = 13
x = 6, y = 23

Mdogo wetu akaona mwenyewe: namba zinashuka 23, 13, 7, 5, kisha zinapanda njia ile ile 7, 13, 23. Ni kama mtu anashuka bonde na kupanda upande wa pili kwa ngazi zinazofanana. Chini kabisa ni 5, na iko ku x = 3. Kwa hiyo nukta ya mgeuko ni (3, 5).

Basi jibu tunalo tayari. Kwa nini tuendelee? Kwa sababu hapa tulikuwa na bahati: mgeuko umeangukia ku namba nzima, karibu na sifuri. Kama ungekuwa ku 17 juu ya 4, tungehesabu paka jioni. Lakini ule mchezo wa « kufanana pande mbili » ushike vizuri, maana njo utafungua kila mstari.

Mstari wa kwanza: toa namba ya x² nje

Kushoto tunaandika:

y = 2(x² − 12x/2) + 23
y = 2(x² − 6x) + 23

Tumetoa 2 nje ya parantezi, lakini ku vipande viwili vya kwanza tu. Ile 23 tumeiacha peke yake nyuma, haiguswi.

Sasa upande wa kuume. Wengi wanaona mstari huu ni wa kusafisha tu, hausemi kitu. Kumbe tayari umesema nusu ya jibu. Angalia kilicho ndani ya parantezi: x² − 6x. Ni sawa na x(x − 6). Kinakuwa sifuri mara mbili: wakati x ni 0, na wakati x ni 6. Parantezi ikiwa sifuri, y inabakia 23 tu. Maana yake kurbe yetu inapita ku urefu wa 23 mahali pawili, ku x = 0 na ku x = 6. Rudi ku namba zetu za juu, utaona njo vile.

Na kama kurbe iko na urefu moja ku 0 na ku 6, na pande zake mbili zinafanana, mgeuko lazima uwe katikati ya 0 na 6. Hauna mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo upande wa kuume tukaandika: « Kurbe iko sawa ku 0 na ku 6. Mgeuko uko katikati. »

Mdogo wetu akaniuliza: « Na ile 2 ya nje inafanya kazi gani? » Swali zuri. Ile 2 haisogezi mgeuko kushoto wala kuume. Inavuta kurbe iwe nyembamba zaidi, na inaongeza kina chake mara mbili. Tena alama yake inatuambia kitu: iko pozitif, kwa hiyo kurbe inafunguka juu kama bakuli, na mgeuko ni mahali pa chini kabisa. Ingekuwa negatif, bakuli lingepinduliwa na mgeuko ungekuwa mahali pa juu kabisa.

Mstari wa pili: chukua nusu

Nusu ya −6 ni −3. Hapa njo watoto wanakariri: « chukua nusu ya namba ya x. » Kwa nini nusu? Kwa sababu katikati ya 0 na 6 ni nusu ya 6! Haiko sheria iliyoshuka mbinguni. Upande wa kuume tunaandika: « Katikati ni x = 3. Hapa njo aksi inapita. »

Kuhusu alama, angalia vizuri. Ku kaye tunaona −6, nusu yake −3, lakini mgeuko uko ku +3. Hakuna uchawi: −6 ndani ya x(x − 6) inamaanisha sifuri ya pili iko ku +6. Mtu anayekumbuka 0 na 6 hatachanganya alama. Mtu anayekumbuka formula tu atamwangalia mwalimu usoni.

Mstari wa tatu: ongeza kare ya nusu, kisha iondoe

Tunaandika:

y = 2(x² − 6x + 9 − 9) + 23

Tisa imetoka wapi? Ni kare ya 3. Na kwa nini tunaitia na kuiondoa mara moja? Kwa sababu haturuhusiwi kubadilisha kurbe. Tunaruhusiwa tu kuiandika namna nyingine.

Hapa nilichora mraba, maana jina lenyewe linasema « kukamilisha mraba » na watu wengi hawajawahi kuuona huo mraba. Chora mraba wenye upande x. Eneo lake ni x². Sasa kata kipande cha upana wa 3 upande wa kuume, kutoka juu paka chini: umeondoa 3x. Kata tena kipande cha upana wa 3 upande wa juu, kutoka kushoto paka kuume: umeondoa 3x nyingine. Jumla umeondoa 6x. Lakini kona ya juu kuume, ile ndogo ya 3 kwa 3, umeiondoa mara mbili, wakati iko moja tu. Lazima uirudishe mara moja: +9. Kinachobaki ni mraba safi wenye upande x − 3. Kwa hiyo:

x² − 6x + 9 = (x − 3)²

Ile 9 ni kona iliyokuwa inakosa. Bila hiyo mraba haujakamilika. Kuchora namna hii ni kwa zamani sana: al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad ku mwanzo wa karne ya 9, alisuluhisha x² + 10x = 39 kwa kuchora mraba na kujaza kona zilizokosa kwa 25. Upande wa mraba mkubwa ukawa 8, na x ikawa 3. Yeye alikuwa anatafuta x, sisi leo tunatafuta mgeuko, lakini kona ni ile ile.

Sasa upande wa kuume wa karatasi yetu: 9 inasema nini juu ya mgeuko? Chukua x² − 6x, uweke x = 3: unapata 9 − 18 = −9. Yaani kurbe ya ndani ya parantezi, ambayo inaanza ku sifuri na kurudi ku sifuri, ku katikati imeshuka hatua 9 chini. Ile −9 njo kina cha bonde. Tukaandika: « Ndani ya parantezi, bonde liko na kina cha 9. »

Mstari wa nne: toa −9 nje, lakini ilipe ushuru

Tunaandika:

y = 2[(x − 3)² − 9] + 23
y = 2(x − 3)² − 18 + 23

Ile −9 ilikuwa ndani ya nyumba ya 2. Hauwezi kutoka bila kuzidishwa na 2. Mimi ninamwambiaka mdogo wetu kwamba mlangoni kuna ushuru, na ushuru ni ile namba ya nje. Inatoka ikiwa −18.

Upande wa kuume: ile 2 imevuta bonde mara mbili, kwa hiyo kina si 9 tena, ni 18. Kurbe ilikuwa ku urefu wa 23 wakati x ni 0. Ikishuka 18, inafika ku 5. Tukaandika: « Kutoka 23, kushuka 18. »

Mstari wa tano: soma jibu

y = 2(x − 3)² + 5

Mstari huu haupaswi kukaririwa, unapaswa kusomwa kama sentensi. Kare yoyote haiwezi kuwa negatif. Kwa hiyo 2(x − 3)² ni sifuri au zaidi ya sifuri, siku zote. Inakuwa sifuri mara moja tu, wakati x ni 3. Siku hiyo y inabakia 5. Siku nyingine zote y inapita 5. Kwa hiyo 5 njo ya chini kabisa, na inapatikana ku x = 3. Mgeuko: (3, 5).

Na sasa unaona kwa nini delta ilikuwa negatif. Mahali pa chini kabisa pa kurbe ni 5, juu ya mstari wa x, na kutoka pale inapanda tu. Itagusaje sifuri? Delta negatif haikuwa mwisho wa hesabu. Ilikuwa inatuambia bonde halifiki chini.

Makosa matatu, na namna ya kuyakamata

Baadaye nilimpa mazoezi mengine ya namna hii, na makosa yakatoka yale yale ninayoyaona kwa kila mtu. Ku egzeta, mahali unachagua jibu kati ya mengi yaliyoandikwa, makosa haya yanauma, kwa sababu jibu la kosa linaweza kuwa pale linakungojea.

La kwanza ni kuandika (−3, 5). Kulikamata ni rahisi: usijiulize alama, jiulize « x gani inaua parantezi? » Ku x − 3, ni 3. Ku x + 3, ni −3. Basi.

La pili ni kusahau ushuru. Mtu anaandika 2(x − 3)² − 9 + 23 na kupata (3, 14). Kulikamata, weka x = 0 ku mstari wako wa mwisho. Lazima urudi ku 23, ile namba ya mwanzo iliyokuwa peke yake. Hapa unapata 2 × 9 + 14 = 32. Haiko 23, kwa hiyo umekosa mahali. Na kosa lako ni 9, ile ile 9 ambayo haikulipa. Hii hakiki ya x = 0 inachukua sekonde tano. Fanya kila mara.

La tatu ni la watu waliozoea ekwasio. Wanagawanya yote kwa 2: x² − 6x + 11,5. Kisha wanakamilisha mraba vizuri kabisa na kupata (x − 3)² + 2,5. Wanasema mgeuko ni (3, 2,5). Tazama: x iko sawa, lakini urefu umekuwa nusu. Ku ekwasio inayoishia na « = 0 » unaruhusiwa kugawanya, maana nusu ya sifuri ni sifuri, na mahali kurbe inagusa mstari wa x hapabadiliki. Lakini hapa upande wa pili ni y. Ukigawanya kuume, umechora kurbe nyingine, fupi kuliko yetu. Toa 2 nje, usiitupe.

Mandazi ku mlango wa kampusi

Mdogo wetu akasema: « Sawa Yaya, lakini hii itanisaidia wapi? » Nikamchukulia mfano wa mama anayeuza mandazi ku mlango wa kampusi. Tuseme anauza andazi moja 200 FC, na kwa siku anauza 100. Tuseme tena kwamba kila akipandisha bei kwa 50 FC, anapoteza wanunuzi wa mandazi 10. Akipandisha mara n, bei ni 200 + 50n, na mandazi yanayouzwa ni 100 − 10n. Makuta anayoingiza ni:

M = (200 + 50n)(100 − 10n)
M = −500n² + 3000n + 20000

Mstari wa kwanza, toa −500 nje:

M = −500(n² − 6n) + 20000

Simama. Umeona? Ndani ya parantezi ni n² − 6n, ndugu ya ile ya mwanzo. Bila kuendelea tunajua kitu ambacho mama yule angependa kusikia: akipandisha mara 6, bei ifike 500 FC, ataingiza 20000 FC sawa na mbele ya kupandisha. Hakika: mandazi 40 mara 500 ni 20000. Atakuwa amefukuza wanunuzi 60 bure. Na mgeuko uko katikati, ku n = 3.

Tuendelee. Kona ni 9, na ushuru wa mlango ni −500, kwa hiyo −9 inatoka ikiwa +4500:

M = −500(n − 3)² + 4500 + 20000
M = −500(n − 3)² + 24500

Hapa namba ya nje ni negatif, bakuli limepinduliwa. Ile kare inaondoa makuta kila mara, isipokuwa n ikiwa 3. Bei ni 350 FC, mandazi 70, na makuta ni 24500 FC kwa siku. Tena angalia: ile 4500 si namba ya kupita tu. Njo faida ya kujua mgeuko, ni tofauti kati ya 20000 ya sasa na 24500.

Lakini makuta yanayoingia si faida. Unga, mafuta, sukari na makala vinalipwa. Tuseme kila andazi linamgharimu 100 FC. Faida ku andazi moja ni 100 + 50n, na hesabu inakuwa:

F = (100 + 50n)(100 − 10n)
F = −500n² + 4000n + 10000
F = −500(n² − 8n) + 10000
F = −500(n − 4)² + 8000 + 10000
F = −500(n − 4)² + 18000

Mgeuko umesogea! Sifuri za parantezi ni 0 na 8, katikati ni 4. Bei nzuri si 350 tena, ni 400 FC; anauza mandazi 60, anapata faida ya 18000 FC. Akibakia ku 350 atapata 250 × 70 = 17500. Tofauti ya 500 FC kwa siku ni ndogo, na hiyo pia kurbe inakuambia: karibu na mgeuko kurbe iko karibu ya kulala, kukosea hatua moja hakuumizi sana. Kukosea hatua nne kunaumiza: F inashuka kwa 500 × 16, yaani 8000.

Tena tusidanganyane. Wanunuzi hawapotei 10 kwa 10 kama askari ku paradi, na bei ya jirani inaweza kubadilisha yote. Mfano huu unashika tu kama ile « 10 kwa kila 50 » inakaribia ukweli. Kama mama yule anataka kuijua, ajaribu bei mbili au tatu kwa wiki chache na kuhesabu alizouza.

Sasa formula za shule zinasema

Mwishoni tulirudia karatasi ile ile, lakini kwa herufi. Mtu aliyefuata paka hapa hataogopa.

y = ax² + bx + c
y = a(x² + (b/a)x) + c

Parantezi ni sifuri ku x = 0 na ku x = −b/a. Katikati yake ni −b/(2a). Njo ile formula! Ni nusu ya njia, hakuna siri nyingine.

Kona ni kare ya b/(2a), yaani b²/(4a²). Ikitoka mlangoni inazidishwa na a, inabakia b²/(4a). Kwa hiyo urefu wa mgeuko ni:

c − b²/(4a)

Weka yote juu ya 4a, utapata −(b² − 4ac)/(4a), yaani −Δ/(4a). Jaribu na kazi yetu: Δ ilikuwa −40, a ni 2, basi 40/8 = 5. Delta ambayo mdogo wetu aliitupa kama takataka ilikuwa imebeba urefu wa mgeuko mgongoni.

Na ile formula kubwa ya solusio mbili, −b ± √Δ, yote juu ya 2a, igawe vipande viwili: −b/(2a), kisha ± √Δ/(2a). Kipande cha kwanza kinasema: « Nenda ku aksi ya mgeuko. » Cha pili kinasema: « Toka pale, tembea hatua sawa kushoto na kuume. » Kama delta ni negatif hakuna hatua za kutembea, lakini aksi bado iko, na mgeuko bado uko juu yake.

Karatasi ya kufanya nyumbani

Gawa karatasi sehemu mbili kama sisi. Usijaze kushoto tu.

1. y = 3x² + 12x + 7
2. y = x² + 5x + 4
3. y = −x² + 8x − 16

Ku ya kwanza, anza kwa kuuliza: parantezi x² + 4x ni sifuri wapi? Ku 0 na ku −4. Utafika ku 3(x + 2)² − 5, mgeuko (−2, −5). Hakiki: x = 0 inatoa 12 − 5 = 7.

Ku ya pili, nusu ya 5 haiko namba nzima. Usikimbilie desimali, acha 5/2, kona ni 25/4. Mgeuko ni (−5/2, −9/4). Uko chini ya mstari wa x na bakuli linafunguka juu, kwa hiyo kurbe lazima ikate mstari huo mara mbili. Kweli inakata ku −4 na ku −1, na katikati yake ni −5/2.

Ya tatu inatoa −(x − 4)² na nyuma yake hakuna kitu. Mgeuko ni (4, 0): kurbe inapanda, inagusa mstari wa x kwa ncha tu, inarudi chini. Ukihesabu delta utakuta sifuri, na sasa unajua kwa nini.

Mdogo wetu alimaliza ya tatu peke yake. Hakuniangalia usoni tena. Aliweka x = 0, akaona −16, akafunga kaye.